Chakula inakwama ama asidi inapanda? Vile mpira wa puani unatofautisha hizo mbili

Shangazi yangu anauza mitumba pale Kibuye, Kisumu, na kwa miaka miwili mzima alikuwa anabeba omeprazo kwa mkoba wake pamoja na chenji. Moja asubuhi, moja jioni. Kwanza aliambiwa ni asidi, baadaye akaambiwa ni alsa, akapimwa bakteria wa tumbo akapewa antibayotiki wiki mbili akamaliza zote, na bado ugali ilikuwa inasimama hapa katikati ya kifua inakataa kushuka. Akawa anakunywa maji juu yake ndo isukumwe, anasimama, ananyoosha mikono juu, anameza tena. Kwa harusi na matanga alikuwa anakaa kando ndo watu wasimwone akihangaika. Kufika mwaka wa pili hata uji ilikuwa inasimama, na alikuwa amepungua kilo 11.

Mimi ni nesi, nafanya chumba cha endoskopi, pale tunaangalia ndani ya tumbo kwa kamera, hapa Nakuru, na hivi vipimo nitavieleza hapa nimejifunza kuviweka na mikono yangu. Na bado shangazi wangu mwenyewe alinipita miaka miwili juu kwa simu alikuwa ananiambia tu "ni hii kiungulia yangu, baba," na mimi sikuuliza zaidi. Siku alikuja kwangu kulala, asubuhi nikaona kitambaa cha mto kimelowa na kuna punje za wali pale. Nikamuuliza, shangazi, hii ikirudi inakuwa chungu mdomoni? Akaniambia hapana, iko na ladha ile ile ya vile niliikula.

Hapo ndo nilishtuka. Chakula imeshafika kwa tumbo ikirudi inakuwa chungu, inachoma koo, juu imekutana na asidi. Ikirudi na ladha ya jana jioni manake haikuwahi kufika tumboni, imelala usiku kucha ndani ya umio, yaani ile njia ya misuli kutoka koo hadi tumbo. Na kama haikufika, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo inasaidia nini?

Kabla ya mashine yoyote ya presha, kamera. Hii siwezi kuruka na yeyote anaishi pande zetu asikubali irukwe. Saratani ya umio iko mingi sana magharibi mwa Kenya, kule Bomet hospitali ya Tenwek wamekuwa wakiona hao wagonjwa kwa miaka na miaka, kwa hivyo mtu akisema chakula inakwama lazima kwanza aingizwe kamera na kama kuna chochote hakieleweki kinyama kikatwe kipelekwe maabara. Kuna hata saratani zinakaa pale tu umio unaingia kwa tumbo na kuufinya, zinaleta picha inafanana kabisa na ugonjwa nitaueleza hapa, na zinajulikana zaidi kwa mtu mzee ambaye amekonda haraka kwa miezi michache. Shangazi ana miaka 46. Kamera ilionyesha mate mengi, chakula kidogo cha jana, umio umepanuka kiasi, hakuna kidonda wala uvimbe, na daktari akaandika kwamba kuingia tumboni alisikia mlango umekaza kidogo halafu ukaachilia.

Watu wengi safari yao inaishia hapo. Kamera iko sawa, enda nyumbani uendelee na omeprazo. Lakini kamera ni macho tu. Inaona ngozi ya ndani, haiwezi kukuambia kama misuli inasukuma ama mlango unafunguka kwa wakati wake. Hiyo kazi ni ya manometri.

Manometri ni mpira mwembamba, unene wake kama milimita 4, unakaa kama waya ya chaja, na kwa urefu wake umepangwa sensa 36 za presha, moja kila sentimita. Hizo zinatosha kutoka kooni hadi ndani ya tumbo kwa wakati mmoja bila kusogeza mpira. Mgonjwa anakuja bila kula angalau masaa 6, na shangazi juu ya vile chakula chake inalala ndani tulimwambia siku iliyotangulia anywe vitu vya majimaji tu. Unapaka jeli ya ganzi puani, hakuna usingizi, juu unamhitaji macho ameze kawaida. Sitadanganya mtu, ile dakika moja ya mpira kupita nyuma ya pua ni mbaya, macho yanatoa machozi na mtu anataka kutapika. Unampa maji na mrija, ameze polepole, kila akimeza unasukuma kidogo. Ukishakaa, unatulia.

Na hapa ndo kipimo huharibikia mara nyingi, hasa kwa watu kama shangazi. Mlango ukiwa umekaza mpira unafika pale chini, unagonga, unajikunja na kurudi juu, na wewe unafikiri umeingia tumboni. Kwa skrini inaonekana kama kioo, picha ya juu inajirudia kichwa chini. Njia ya kuhakikisha ni pumzi. Mwambie avute pumzi kubwa na uangalie presha, ndani ya kifua inashuka, ndani ya tumbo inapanda. Lazima uone pale inageuka. Usipoona hiyo mgeuko basi mpira haujapita mlango na chochote utasoma baada ya hapo hakina maana. Kwa shangazi tulijaribu mara tatu, ya tatu akiwa ameketi wima na anameza maji ndo ikapita. Alinishika mkono hadi kucha zikaacha alama.

Sasa skrini. Unaona picha ya rangi, muda unaenda kushoto kulia, juu ni koo na chini ni tumbo, buluu ni presha ndogo na nyekundu ni kubwa. Mtu mzima kawaida yuko na mistari miwili imelala, wa juu ni mlango wa koo, wa chini ni mlango wa tumbo. Akimeza, ule wa juu unafunguka kwa sekunde moja hivi, na papo hapo, kabla maji hayajafika, ule wa chini nao unaanza kulegea, alafu katikati kunachorwa mstari mmoja mwekundu unateremka kwa mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Ule mshazari ndo wimbi la misuli linasukuma. Hiyo picha ukishaiona mara kumi huwezi kuisahau.

Anapewa mililita 5 za maji, ameze mara moja tu, alafu atulie asimeze mate kwa nusu dakika hivi. Hiyo unarudia mara 10 akiwa amelala chali. Baadaye anaketi, anameza mara kadhaa tena, na mwisho anapewa mililita 200 anywe mfululizo kwa mrija, juu kuna watu kwa kijiko kimoja wako sawa lakini ukiwapa mzigo ndo shida inatokea. Yote haizidi nusu saa.

Kompyuta inatoa namba nyingi lakini ya kuanza nayo ni moja, kwa karatasi inaandikwa IRP. Baada ya kumeza inaangalia sekunde 10, inatafuta zile sekunde 4 zenye mlango wa chini ulilegea zaidi, inachukua wastani wa presha iliyobaki. Kwa maneno mengine inauliza, mlango ulipojaribu kabisa kufunguka ulibaki umekaza kiasi gani? Kwa mashine tuliyotumia kawaida mtu akiwa amelala isizidi 15, vipimo vya milimita za zebaki kama vile vya presha ya damu. Mashine za kampuni zingine ziko na mpaka wao tofauti kidogo, kwa hivyo usishike namba ya karatasi ya jirani ukalinganisha na yako. Namba ya pili ni ya nguvu ya lile wimbi la kusukuma, DCI, na hiyo ikiwa chini ya 100 tunasema kumeza kumefeli, hakuna wimbi.

Shangazi IRP yake ilikuwa 31. Kati ya kumeza mara 10, wimbi lilionekana mara ngapi? Hata moja haikuwa. Mstari wa mshazari haukuja. Badala yake, mara 9 kati ya 10, akimeza tu, umio mzima kutoka juu hadi chini ulibadilika rangi kwa pamoja, kama nguzo imesimama. Chukua chupa ya plastiki imejaa maji, funga kifuniko, finya popote. Presha inapanda kila mahali kwa wakati mmoja juu maji hayana pa kwenda. Ndo hiyo. Juu kumefungwa, chini kumekataa kufunguka, maji yako katikati yanafinywa.

Huo ugonjwa unaitwa akalesia. Neva zinazoambia mlango wa chini ulegee zimekufa, kwa hivyo mlango unabaki umekaza na wimbi la kusukuma linapotea. Sio asidi, sio pilipili, sio kula usiku. Mfumo unaotumika kusoma hizi picha unaitwa wa Chicago, toleo la nne lilitoka mwaka 2021, na unagawa akalesia kwa aina tatu. Ya kwanza umio umechoka kabisa, mtu akimeza skrini inabaki buluu. Ya pili ni kama ya shangazi, ile ya chupa. Ya tatu kuna misuli inakaza lakini kwa mikazo ya ghafla, mapema kuliko inavyofaa, na hao ndo mara nyingi wanalia maumivu ya kifua. Kugawa hivyo si urembo wa karatasi. Ya pili ndo inaitikia matibabu vizuri zaidi, kwa puto la kupanua mlango ama kwa kisu, na ya tatu puto haitoshi juu lazima misuli ikatwe kwa urefu kwenda juu.

Kuna kitu kimoja lazima niweke hapa. Tramado na dawa zingine za maumivu za jamii ya mofini zikitumiwa kila siku zinaweza kuleta picha inafanana na akalesia ya tatu, ama mlango uonekane umekaza kumbe ni dawa. Kwa hivyo ukienda kwa kipimo taja kila kidonge, hata kile cha mgongo ulinunua kwa duka la dawa bila kuandikiwa. Daktari ndo ataamua gani uache na kwa siku ngapi.

Baada ya hapo alipigwa eksirei ya bariamu, unakunywa ile dawa nyeupe na wanapiga picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5 ndo waone ni kiasi gani imebaki. Dakika ya 5 bado nguzo ya sentimita 14 ilikuwa imesimama ndani. Akawekewa puto la milimita 30 kupitia kamera, linajazwa pale mlangoni hadi ile misuli ipasuke kwa kipimo. Hatari yake ni umio wenyewe kutoboka, si mara nyingi lakini hutokea, ndo maana haifanywi mahali hapana wa kufanya upasuaji. Wiki mbili baadaye alinipigia simu akaniambia amekula ugali na omena, akamaliza sahani, hakusimama hata mara moja.

Sasa nije kwa kile kipimo cha pili, cha pH na impidensi, juu watu wanavichanganya na hata karatasi za rufaa zinaviandika pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Manometri inapima misuli kwa nusu saa. Hii ya pili inapima kinachorudi kutoka tumboni, na inakaa nawe masaa 24.

Mpira wake ni mwembamba zaidi, karibu nusu ya ule wa kwanza, unapita puani hivyo hivyo na unabandikwa na plasta shavuni, alafu unaunganishwa na kirekoda unavaa kiunoni kama kile kipochi cha pesa cha makanga. Kuna sensa ya asidi inawekwa sentimita 5 juu ya mlango wa chini. Mlango uko wapi kwa kila mtu? Manometri ndo inakuambia, kwa sentimita, kutoka puani. Ndo maana presha inatangulia.

Alafu kuna pete za chuma zimepangwa kwa jozi kwa urefu wa huo mpira. Kati ya kila pete na mwenzake kunapitishwa stima kidogo sana, huwezi kuisikia. Maji yanapitisha stima vizuri, hewa haipitishi. Kwa hivyo kitu cha majimaji kikipita hapo upinzani wa stima unashuka, hewa ikipita unapanda, na huo upinzani ndo impidensi. Na kwa vile jozi ziko kadhaa, unaona mwelekeo. Ukimeza chai, upinzani unashuka jozi ya juu kwanza, ikafuata ya chini yake, hadi chini kabisa. Kitu kikirudi kutoka tumboni, ya chini inaanza na inapanda juu. Sensa ya asidi peke yake haijui hivyo, inajua tu hapa nilipo sasa ni pachungu ama sio. Ukiunganisha hizo mbili unajua kimerudi, kimefika wapi, na kilikuwa na asidi ama hakikuwa.

Hizo siku mtu anaambiwa ale vile anakulanga. Nasisitiza hii juu nimeona vipimo vingi vimeharibika, mtu anavaa mpira, anaona aibu kutoka, analala kitandani siku nzima na bilauri ya maziwa, na kesho yake unasoma siku ambayo haifanani na maisha yake. Panda matatu, enda kazini, kula chapati. Kirekoda kina vitufe, ukianza kula bonyeza, ukilala bonyeza, ukisikia kuchomeka bonyeza hapo hapo usingoje. Na kama haijawahi kuthibitishwa kwamba uko na asidi inapanda, omeprazo inaachwa siku 7 kabla, la sivyo unapima dawa badala ya ugonjwa.

Kinachosomwa kwanza ni kwa asilimia ngapi ya muda pH, ile namba inayoshuka asidi ikizidi, ilikuwa chini ya 4. Masaa 24 ni dakika 1,440. Chini ya asilimia 4, yaani dakika 58 hivi, ni kawaida, kila mtu asidi humpanda kidogo. Juu ya asilimia 6, kama dakika 86, ni ugonjwa kweli. Katikati hapo ni eneo la shaka na unatafuta ushahidi mwingine, kama vile kitu kimerudi mara ngapi, chini ya 40 ni kawaida na zaidi ya 80 ni nyingi.

Kuna mwalimu mmoja wa hapa Nakuru alikuwa na kuchomeka kifua kila siku na amepitia kila dawa ya asidi. Kwake manometri ilikuwa sawa. Kipimo cha pili kikaonyesha asidi ilikaa asilimia 1.2, dakika kama 17 kwa siku nzima. Alibonyeza kitufe mara 14. Ukiangalia zile dakika 2 kabla ya kila kubonyeza, ni mara 2 tu kulikuwa na kitu kimerudi. Zile 12 zingine kifua kilichomeka na umio ulikuwa mkavu kabisa. Kuchomeka kwake ni kweli, sio kuigiza, lakini sio asidi, ni neva za umio zinapiga kelele bila kuguswa. Kama zingekuwa 11 kati ya 14 ningekuambia umio wake unasikia sana hata kile kidogo cha kawaida, na hapo kuna maana kupigana na asidi. Yeye omeprazo iliachishwa na akaanzishwa dawa ya kutuliza neva kwa dozi ndogo usiku.

Na sasa hii ndo sababu nimeandika yote haya. Kama shangazi angepimwa pH peke yake ule mwaka wa pili, pengine ingetoka asilimia kubwa. Chakula ikilala ndani ya umio usiku kucha inachacha, kama uji uliachwa kwa sufuria, na hiyo uchachu inashusha pH chini ya 4 bila asidi ya tumbo kuwa hapo. Angeandikiwa ana asidi inapanda imethibitishwa. Na mgonjwa mwenye asidi iliyothibitishwa na dawa hazimsaidii anaweza kupelekwa upasuaji wa kukaza mlango wa chini. Kukaza mlango ambao tayari umekataa kufunguka! Ndo maana hakuna daktari mpasuaji anafaa kufanya hiyo kazi bila manometri mezani.

Anayesoma vizuri anaweza kutofautisha kwa umbo la mstari. Asidi ya tumbo ikipanda, pH inaanguka ghafla, kutoka 6 hadi 2 kwa sekunde chache, alafu inapanda polepole mate yanapoosha. Ya kuchacha inateremka taratibu kama mtu anashuka mlima, saa nzima, mbili, na inakaa pale juu tu ya 3 ama karibu na 4. Lakini hiyo inaonekana tu kama mtu amefungua mchoro wenyewe dakika kwa dakika, asilimia ya ukurasa wa kwanza haikuonyeshi. Na impidensi haisaidii sana kwa mtu kama huyo juu umio umejaa majimaji saa zote, upinzani uko chini tangu mwanzo na hakuna cha kushuka.

Mwaka mmoja na kidogo baada ya puto shangazi alinipigia tena. Chakula inashuka vizuri, bariamu ya dakika 5 imebaki sentimita 2 tu, lakini sasa akiinama kufungua belo la nguo kitu kinapanda kinachoma hadi kooni. Nikamuuliza lile swali, shangazi, ni chungu? Akaniambia chungu kama ndimu. Akavaa ule mpira mwembamba masaa 24 akiwa kibandani kwake Kibuye, na safari hii mistari ilikuwa inaanguka ghafla, wima, mara nyingi baada ya chakula cha mchana, asilimia 7.4. Mlango uliolegezwa na puto sasa unaachilia. Akaandikiwa omeprazo, kidonge kimoja nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, na wiki ya pili akaacha kuchomeka.